Sabuni na mafuta yasiyo na manukato kwa kichanga: uzoefu wangu hapa Kirumba, Mwanza

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengine mnasoma huku mtoto yuko kifuani. Kwa kufua, sabuni ya mche ya kawaida isiyo na harufu ya maua imenifaa kuliko sabuni ya maji ya watoto, ambayo bei yake ni ya kukunja uso. Kwa ngozi, mafuta ya mgando meupe yasiyo na harufu yamezishinda losheni zote nilizoletewa kama zawadi. Dawa ya kulainisha nguo nimeitoa nyumbani, na hairudi mpaka huyu mtoto akue.

Huyu ni wa pili. Dada yake ana pumu ya ngozi na baba yao alikulia na pumu ya kifua, na mambo haya hutembea kwenye ukoo. Kwa hiyo kabla hajazaliwa nilishatenga beseni lake, nguo zake na sabuni yake. Hata hivyo, hajamaliza mwezi, vipele vikatokea: paji la uso, shingo, mabega na shavu la kulia.

Mama mkwe wangu, ambaye alikuja kutoka Magu kunitazama uzazi, aliangalia mara moja tu. "Joto hilo, mayu. Mvue kofia." Tukavua kofia na soksi, tukamwachia kifulana chepesi cha pamba na kufungua madirisha. Paji la uso na mikunjo ya shingo vikatulia haraka, kwa hiyo pale alisema kweli: vipele vya joto huondoka mwili ukipoa. Lakini shavu la kulia na kidevu vilibaki vyekundu, vikaanza kukauka na kukwaruza ukipitisha kidole. Shavu la kushoto lilikuwa laini kabisa. Tumboni na mgongoni, alikovaa nguo zake mwenyewe, hakukuwa na kitu.

Hapo ndipo pa kusoma ngozi kama ramani. Kitu kinachowasha kwa kugusa huacha alama pale kinapogusa. Mtoto huyu kila akicheulishwa au kubembelezwa, shavu hilo la kulia ndilo linalolala begani, na begani kwangu na kwa bibi yake kulikuwa na khanga. Khanga hizo zilifuliwa kwenye beseni la watu wazima, kwa sabuni ya unga yenye manukato, kisha zikapitishwa kwenye dawa ya kulainisha. Nguo za mtoto hazikuwa na tatizo. Za kwetu ndizo zilizokuwa zinamwasha.

Tukafua upya kila kinachomgusa: khanga, vitenge, shuka letu, foronya na gauni zangu za kunyonyeshea. Shavu likarudi hali yake polepole, bila dawa zaidi ya mafuta ya mgando. Baadaye shangazi yake alikuja kumwona akiwa amejipulizia marashi mpaka mlangoni yanatangulia, akambeba jioni nzima, na kesho yake shavu lilikuwa jekundu tena. Tangu siku hiyo kuna khanga safi inayoning'inia sebuleni. Mgeni akitaka kubeba anatandikiwa begani, na hakuna aliyenuna bado.

Sasa kuhusu kufua kwenyewe. Sabuni ya unga huondoka kwa maji mengi, ila manukato yake yametengenezwa yashike kwenye uzi. Ndiyo maana nguo hunukia hata baada ya kukauka juani. Dawa ya kulainisha ni zaidi ya hapo, kwa sababu kazi yake yote ni kubaki juu ya kitambaa kama utando. Hata usuuze vipi, ukiweza kuiondoa yote basi imeshindwa kazi. Sabuni ya mche yenyewe ni mafuta yaliyopikwa na magadi makali, na kwenye maji laini hutoka vizuri. Maji yetu ya bomba hapa mjini yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chumvi nyingi. Povu linakuja upesi, kwa hiyo sabuni kidogo inatosha. Anayetumia kisima cha maji magumu ataona kinyume: mche unaganda na kuwa ukungu mweupe unaoshika kwenye nguo na kuikakamaza. Huyo sabuni ya maji isiyo na manukato itamfaa kuliko mche, na hapo ile bei naielewa.

Nasuuza maji matatu. Lakini idadi ya maji isikudanganye, maana inategemea nguo ni ngapi ndani ya beseni. Kipimo changu ni chupa tupu ya maji ya kunywa. Nachota maji ya mwisho ya kusuuzia, najaza nusu ya chupa, nafunga na kutikisa kwa nguvu. Povu likipotea mara moja, nimemaliza. Likikaa juu kama kofia, nguo bado zina sabuni na narudia. Jaribu kwa khanga nzito iliyokunjwakunjwa ndani ya beseni dogo, utashangaa inavyoendelea kutoa povu wakati kifulana kimeshatakata zamani.

Kasoro moja ya kweli ya kufua bila manukato naisema wazi, maana ninakaa karibu na mwalo. Hapa harufu ya dagaa haina adabu, inaingia mpaka kwenye nepi zilizo kambani. Mama mkwe aliponiona nimeweka kando ile sabuni inayonukia aliniuliza, "Sasa mtoto atanuka samaki?" Swali la haki kabisa. Manukato hayaondoi harufu ya samaki, huifunika tu. Kinachoiondoa ni uchachu, kwa sababu kinachonuka kwenye samaki ni cha jamii ya magadi, na kikikutana na siki hugeuka chumvi inayotoka na maji. Natia vijiko viwili vya chakula vya siki nyeupe kwenye ndoo ya lita 10, naloweka kidogo, kisha nasuuza kwa maji matupu na kuanika juani. Harufu ya siki nayo hupotea nguo ikikauka. Onyo hapa ni moja: siki isikutane hata kidogo na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Kuhusu kununua, usiamini picha ya mtoto kwenye chupa. Losheni na mafuta mengi ya watoto yana manukato, kwa sababu wazazi tunapenda harufu ile ya poda. Geuza chupa, soma orodha ya viungo nyuma. Ukikuta "Parfum" au "Fragrance", rudisha, hata kama mbele wameandika ni ya ngozi nyeti. Na usitegemee pua peke yake: kuna bidhaa zisizonukia kitu kwa sababu zimetiwa manukato ya kuficha harufu ya viungo vingine. Ile sabuni ya maji niliyoisema mwanzoni ilikuwa safi kwenye orodha hiyo, sina ugomvi nayo. Ila kwa maji yetu haikunipa chochote ambacho mche haukunipa. Chupa iliyobaki naifulia sweta.

Mche huo huo, hata hivyo, haugusi ngozi ya mtoto. Majirani wengi wanaogeshea vichanga wakiamini kwamba hauna kemikali. Ni sabuni yenye ukali wa magadi, na kwenye nguo ukali huo unatoka na maji. Ngozi ya kichanga ni nyembamba kuliko yetu, na katika wiki za kwanza ndiyo kwanza inajijengea uchachu wake mdogo wa kujilinda. Sabuni kali huurudisha nyuma. Mimi namwogesha kwa maji matupu ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, haraka haraka, na sabuni laini isiyo na manukato naiweka makalioni na kwenye mikunjo tu, pale palipochafuka kweli. Namkausha kwa kugusagusa bila kusugua. Ngozi ikiwa bado na unyevu napaka mafuta ya mgando, kiasi cha punje ya haragwe kwa mguu mzima, kwa sababu kazi yake ni kufungia maji ndani na wala hayaleti maji yenyewe. Wakati wa joto kali siyapaki kwenye mikunjo ya shingo, yanaziba jasho.

Kitu kingine nilichokiondoa ni ile dawa ya kahawia ya kuua vijidudu, inayogeuza maji ya kuogea kuwa meupe kama maziwa. Bibi yake aliiona kama usafi wenyewe. Ni nzuri kwa kazi yake, lakini kichanga mzima hana haja ya kuogeshwa dawa, na ngozi yenye ukavu inaichukia.

Halafu mitumba. Nguo nzuri kabisa za vichanga nimezipata sokoni Mlango Mmoja, pamba ya kweli, zimeshafuliwa mara nyingi mpaka zimelainika, na kwa ngozi nyeti naziona bora kuliko mpya zenye wanga na rangi ya dukani. Lakini nazinusa kabla ya kulipa. Zikinuka vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza wadudu, yaani nafthalini, naziacha. Hapa suala si vipele tena. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana zaidi kwenye maeneo ya malaria kama haya yetu, na kwao nafthalini huvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto anageuka njano machoni na kwenye ngozi, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, anapauka na kulegea. Mtoto aliyepakwa mafuta huinyonya zaidi kupitia ngozi. Blanketi la urithi lililokaa kwenye sanduku la bibi lina hatari hiyo hiyo, na kulifua mara moja hakutoshi ikiwa bado linanuka.

Dalili hizo ukiziona, usingoje kubadilisha sabuni. Siku hiyo hiyo ni hospitali ya Bugando, ya Sekou Toure au kituo kilicho karibu. Vivyo hivyo vipele vikijaa usaha au malengelenge, au mtoto wa umri huu akifika joto la nyuzi 38 au akikataa kunyonya. Na tafadhali, msipake zile krimu za mchanganyiko mnazouziwa dukani kwa maelezo ya mdomo. Nyingi zina steroidi kali, shavu linasafika kesho yake na kila mtu anafurahi, kisha ngozi inakuwa nyembamba na vipele vinarudi vikiwa vingi zaidi.