Mtoaji Hajulikani: Ubofye Yes au No?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua kidirisha kimoja cha Windows ambacho nina hakika umeshakutana nacho. Unabofya faili mara mbili usakinishe programu, skrini inafifia, kisha kinatokea kiboksi chenye utepe wa njano:

```
Do you want to allow this app from an unknown publisher to make changes to your device?
```

Yaani: unairuhusu programu hii, ambayo mtoaji wake hajulikani, ibadilishe mambo kwenye kompyuta yako? Mnaona sehemu hii nimeirekodi kwa simu. Skrini ikishafifia hivi, Windows inakuwa imezizuia programu nyingine zote zisikiguse kidirisha, pamoja na ile ninayotumia kurekodi skrini. Imefanywa hivyo ili isitokee programu ikakubofyea Yes wewe ukiwa umekaa tu.

Sasa ukibofya Yes, umetoa nini? Umeipa programu hiyo mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Inaweza kuandika ndani ya Program Files, kugusa mafaili ya Windows yenyewe, na kujipanga iwe inaamka kila unapowasha mashine. Ukibofya No, hainyang'anywi mtu kitu. Programu inakosa mamlaka hayo, basi, na unaweza kuifungua tena baadaye.

Neno linalowachanganya wengi ni "unknown". Wapo wanaodhani Windows imeona kirusi. Haijaona, kwa sababu kidirisha hiki hakikagui virusi. Kinachoangaliwa ni saini ya kidijitali, muhuri ambao mtengenezaji anaugonga kwenye faili lake ili jina lake lionekane. Muhuri usipokuwepo, au faili likichezewa baada ya kugongwa muhuri, unasoma "Publisher: Unknown".

Kwa hiyo mimi hujiuliza swali moja: huyu anayejidai kuwa ametengeneza hii programu, kweli anaweza kukosa muhuri?

Chukua Chrome. Google husaini programu zake, na kidirisha chake huwa cha buluu, kimeandikwa Google LLC. Rafiki akikupa flashi yenye "Chrome" halafu ukaona njano na Unknown, bofya No hapo hapo. Hakuna cha kujadili.

Sasa chukua 7-Zip, ile ya kufungulia mafaili ya zip. Hii inatoka kwa Igor Pavlov, ipo tangu 1999, ni ya bure, na kwa miaka mingi faili lake la kusakinisha limekuwa likija bila saini. Hapa njano ni ya kutarajiwa. Lakini mtu mbaya naye anajua hivyo, na anaweza kukuwekea 7-Zip yake yenye njano ile ile. Ndiyo maana mimi sibofyi Yes kabla ya kulinganisha.

Tazameni. Nimepakua 7z2409-x64.exe kutoka 7-zip.org, ipo kwenye Downloads. Nafungua PowerShell, naandika:

```
cd ~\Downloads
Get-AuthenticodeSignature .\7z2409-x64.exe
Get-FileHash .\7z2409-x64.exe
```

Amri ya pili inaangalia saini, nayo inajibu NotSigned: hakuna muhuri. Ingejibu HashMismatch, ningelifuta faili papo hapo, maana hilo lilisainiwa kisha likabadilishwa. Amri ya tatu inatoa herufi na tarakimu 64, ambazo ni kama alama ya kidole ya faili. Ikibadilika baiti moja tu, alama yote inakuwa nyingine. Natafuta ya kulinganisha nayo kwa winget, amri ya Microsoft inayosoma orodha yake ya programu:

```
winget show 7zip.7zip --version 24.09
```

Hapa soma kwanza mstari wa Installer Url, uhakikishe jina la faili ni lile lile ulilonalo, kisha linganisha Installer SHA256. Usijali herufi kubwa na ndogo. Zikilingana zote 64, nabofya Yes nikiwa na amani. Zisipolingana, nafuta faili.

Nisiwafiche upungufu wake. Buluu nayo si kinga kamili: mwaka 2017 toleo la CCleaner 5.33 lilitoka na kirusi ndani, likiwa na saini halali kabisa. Na programu mbaya haihitaji ruhusa hii ili isome picha na nyaraka zako. Kwa hayo, mamlaka ya akaunti yako ya kawaida yanaitosha. Hapo kidirisha hakitokei, ni kama hujaulizwa, lakini faili ulishalifungua.

Jambo la mwisho, na hili naomba mlishike: kidirisha kikitokea wakati hujafungua chochote, usianze hata kulinganisha. Bofya No, kisha bofya "Show more details" kitakapojitokeza tena, usome "Program location" uone kinatoka folda gani. Kikiwa kinatoka Downloads au Temp na hukukianzisha wewe, endelea na No, chomoa intaneti, na uikague mashine kwa Windows Security.