Metro ya Dubai: hela imekatwa, geti limegoma

Jamani, hii aplikesheni ya kuongeza salio la kadi ya metro Dubai naipa sifuri, na hiyo sifuri yenyewe naitoa kwa huruma.

Ilikuwa juzijuzi kabla ya Ramadhani, niko Deira na mizigo ya abaya. Kadi ilikuwa na dirhamu 5, na safari ndani ya zoni moja ni 3. Ungesema zinatosha, lakini geti halijui utashukia wapi, kwa hiyo linataka uingie na angalau 7.5, nauli ya safari ndefu. Hilo nalielewa. Nikaongeza 50 kwa aplikesheni, benki ikakata palepale, meseji ikaingia. Nagusisha kadi: nyekundu. Narudia: nyekundu. Nyuma yangu foleni inaguna.

Mlinzi hata hakuitazama meseji niliyomnyooshea. "Mama, hakuna pesa, pisha watu." Hivi hivi, kwa mkono, kama anafukuza kuku! Pesa ipo, benki imekata, wewe unaniambia hakuna?

Kumbe salio linalosomwa na geti limeandikwa kwenye chipu ya kadi. Ukilipa mtandaoni, hela inakaa kwenye mfumo wao ikisubiri kadi iguse kisomeo kilichokwisha kupata taarifa ndipo iandikwe, na taarifa haifiki papo hapo. Wenye simu za NFC, zile zinazosoma kadi kwa kugusa, wanaibandika kadi mgongoni mwa simu, imeisha. Simu yangu ya Kariakoo haina hicho kitu. Sasa mngeshindwa nini kuandika "subiri kwanza" kwa herufi kubwa kabla hamjanikata?

Nikaenda kwenye mashine. Unaweka kadi pale kwenye kisahani chake, unachagua kuongeza salio, unaingiza noti. Noti yangu ya 20 ikatemwa kwa sababu ya kona iliyokunjika. Nikainyoosha pajani, ikameza. Usiiondoe kadi mpaka mashine iseme imemaliza, maana ndiyo inaandika. Salio 25, geti likafunguka. Mashine naipa nyota tano, nasema kweli.

Na treni yenyewe, lo! Baridi, safi, behewa la wanawake na watoto peke yetu, hakuna wa kukubana. Nilikaribia kusamehe.

Halafu kesho yake naingia, geti likaonyesha 72. Ile 50 imefika, baada ya kulala huko ilikolala. Haya, wezi si wezi, sifuri naifuta, naweka nyota mbili. Ila yule mlinzi alikuwepo tena pale pale, nikamwonyesha salio, akanipungia mkono ule ule nipite haraka. Rudisheni nyota moja! Wenye simu kama yangu, chukueni noti zilizonyooka mwende kwenye mashine.