Mtamba wa miezi 15 mwenye kilo 270: kumpandisha sasa au kungoja?

Tuchukue mtamba ambaye ukoo wake hufikia kilo 600 akikomaa. Kwa miezi 15 angetakiwa awe na asilimia 55 ya uzito huo, yaani kilo 330. Utepe wa kifua unasoma 270, ingawa joto analionyesha vizuri.

Ukimpandisha sasa, atazaa akiwa na miezi 24, na tarehe hiyo inavutia. Lakini baada ya kuzaa anatakiwa awe na kilo 500 hivi. Hiyo ni kilo 230 ndani ya siku 280, zaidi ya gramu 800 kila siku, na tangu azaliwe amekuwa akiongeza 500 tu. Nyonga itabaki nyembamba, ndama atakwama, na maziwa yatapungua kwa sababu chakula kinaenda kwenye kukua.

Ukingoja huku ukimwongezea protini, akaongezeka gramu 600 kwa siku, atafika 330 baada ya siku 100. Gharama yake ni siku 100 za lishe bila maziwa. Mimi ningengoja. Asipoongezwa lishe, kungoja huko kutafika siku 120. Hapo kasoro iko horini.