Nilipimwa saa kumi na moja jioni, juu ya suruali: soksi za kubana zilizoishia nyuma ya goti

Nilikuja hapa kutoa nyota moja, na kama kungekuwa na nusu ningetoa nusu. Soksi ndefu za kubana, zile zinazofika pajani, nimezivaa wiki mbili hivi. Kila siku kabla ya adhuhuri zimeshaporomoka, zimejikusanya nyuma ya goti kama pazia lililokatika kamba, na kifundoni zinacheza kiasi cha kuingiza vidole viwili. Soksi ya kubana isiyobana kifundoni ni soksi ya kawaida yenye bei ya dawa.

Sasa nieleze jinsi nilivyopimwa, maana hapo ndipo pana hasira yangu yote. Ilikuwa jioni, watu wanafunga kazi. Mhudumu wa duka la vifaa tiba akaniambia nisimame, akazungusha futi kwenye shavu la mguu wa kushoto, juu ya suruali, mara moja tu. "Arobaini. Chukua Kubwa." Nikamuuliza kifundo je, na paja? Akajibu bila kuniangalia: "Soksi inavutika, mama, itajipanga yenyewe."

Haijipangi. Inavutika, ndiyo, lakini kuvutika ndiko kazi yenyewe. Soksi hizi zimefumwa ili zitoe mgandamizo fulani zikivutwa kiasi fulani. Nguvu kubwa iko kifundoni, kisha inapungua kadiri unavyopanda hadi pajani, ili damu ya vena isukumwe kwenda juu. Ukivaa saizi iliyozidi kifundo chako, uzi hauvutiki vya kutosha, na zile milimita za zebaki za mgandamizo zilizoandikwa kwenye boksi zinabaki kwenye boksi. Na ikitokea kifundoni pamelegea huku juu pamebana, mpangilio umegeuka juu chini: soksi inakaba damu pale ambapo ilipaswa kuiachia. Ndiyo maana kifundo ndicho kipimo kinachoamua saizi, si shavu. Shavu na paja vinathibitisha tu. Kifundo kikiwa cha Kati na shavu likapita mpaka wa Kati, hupewi Kubwa. Unatafuta muundo wenye shavu pana, au unashonewa kwa vipimo vyako.

Ila ngoja niwe mkweli kuhusu soksi zenyewe. Baada ya kugombana nazo siku zote hizo nilijipima upya, safari hii asubuhi, mguu mtupu. Kifundo cha kushoto kilikuwa sentimita 22.5, shavu 37.5, paja 56.5. Jioni ileile nikapima tena mguu uleule, sehemu zilezile nilizokuwa nimeziwekea alama ya kalamu: kifundo 24.5, shavu 39, paja 57. Tazama ongezeko lilivyojigawa. Kifundo kimeongezeka sentimita mbili nzima, shavu moja na nusu, paja nusu tu. Kutwa nzima ya kusimama na kukaa, maji yanavuja kutoka kwenye mishipa midogo na kutuama chini, kwa hiyo uongo wa jioni ni mkubwa zaidi palepale kwenye kipimo kinachoamua.

Jedwali la soksi hizi linasema Kati ni kifundo 21 hadi 23.5, shavu 33 hadi 38, paja 50 hadi 58. Kubwa inaanzia kifundo 23.5, shavu 37, paja 56. (Kila kampuni ina jedwali lake, msichukue namba zangu mkaenda nazo kwenye boksi jingine.) Asubuhi mimi ni Kati kwa vipimo vyote vitatu, bila ubishi. Jioni nageuka Kubwa kifundoni na shavuni. Ongeza suruali, ambayo mkunjo wake peke yake uliongeza kama sentimita moja, na 39 ikawa ile 40 ya bwana mkubwa. Nikalala, uvimbe ukashuka, nikaamka na kifundo cha 22.5 ndani ya soksi inayoanzia 23.5. Ilitaka ishike nini?

Basi niliagiza Kati, kwa pesa yangu, maana boksi likishafunguliwa halirudishwi. Na Kati imekaa. Kwa hiyo nafuta ile nyota moja: soksi nyota nne, upimaji wa duka sifuri.

Kwa yeyote anayetaka kupima, saa nzuri ni mara tu baada ya kuamka, kabla hujaanza kuzunguka nyumbani. Sijasema saa kumi na mbili asubuhi wala saa moja. Anayefanya kazi ya usiku na kulala mchana, "asubuhi" yake ni jioni anapoamka. Kinachohesabika ni kuwa miguu imelala saa nyingi na uvimbe umeshuka. Jaribu hivi: bonyeza kidole gumba kwenye muundi, mbele ya mfupa, kwa sekunde kadhaa kisha achia. Kikibaki kishimo, bado kuna maji, usipime. Lala chali, miguu juu ya mito ipite usawa wa moyo, angalau nusu saa. Hiyo nayo inasaidia kwa sehemu tu, kwa hiyo pima tena kesho yake kabla ya kufungua boksi. Na kama kishimo kinabaki hata baada ya kulala usiku kucha, hapo uvimbe wenyewe unahitaji kutibiwa kwanza. Ukipima juu yake, soksi italegea ukipona kidogo.

Tumia futi laini ya fundi cherehani, si ile ya chuma. Ngozi iwe tupu. Futi iguse ngozi pande zote bila kuacha mfereji: ukiona nyama imechomoza pembeni ya futi, umekaza mno. Izunguke sambamba na sakafu, kwa sababu ikienda mshazari inaongeza namba. Kifundo unapima pembamba kabisa, juu kidogo ya ule mfupa uliochomoza pembeni. Wengi hupima juu ya mfupa wenyewe, wakapata sentimita kadhaa za bure. Shavu unatafuta penye unene mkubwa: sogeza futi juu na chini, chukua namba kubwa kuliko zote. Paja ni penye unene mkubwa pia, chini kidogo ya mkunjo wa tako, lakini soma maelezo ya boksi, kwani wengine wanataka umbali maalumu kutoka kwenye mkunjo huo. Paja hupimwa umesimama, uzito umegawanyika sawa miguu yote miwili. Ukikaa, linatandazika kitini na namba inapanda.

Na usijipime mwenyewe paja. Ukiinama kusoma namba, misuli inakaza na futi inateleza. Mtu mwingine apige goti, asome, aandike. Apime mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, apime ya tatu.

Pima miguu yote miwili, hata kama ni mmoja tu unaovimba. Wangu wa kulia una kifundo cha 21.5, tofauti ya sentimita nzima. Bahati yangu yote miwili imeangukia Kati. Wako wanaohitaji saizi mbili tofauti, na duka linalouza kwa jozi moja litawaambia haiwezekani.

Halafu urefu! Huo hata haukutajwa. Kwa soksi ya pajani unapima nyuma ya mguu, kutoka sakafuni kisigino kikiwa chini hadi mkunjo wa tako. Ya chini ya goti unaishia kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Mimi nilipewa ndefu, nami ni mfupi wa miguu, na ziada ndiyo iliyokuwa inajikunja nyuma ya goti na kuacha mstari mwekundu wenye kuuma. Ushauri wa dukani nilipopiga simu? "Kunja hapo juu." Jamani! Ukikunja, mgandamizo wa tabaka mbili unakaa mahali pamoja, panakuwa kama umefungwa kamba pajani, na mguu wa chini unavimba kuliko ulivyoanza. Soksi ndefu kuliko mguu haikunjwi, inabadilishwa.

Kuna wanaosema afadhali uchukue ndogo ili ibane vizuri. Hapana. Vidole vikififia rangi, vikifa ganzi au kuuma, vua mara moja, hiyo si dalili ya kazi nzuri.

Na hili ndilo linanirudishia hasira nikiwa tayari nimeanza kupoa. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja kuhusu ateri zangu. Je, miguu hupoa isivyo kawaida? Shavu huuma ukitembea na kutulia ukisimama? Una kidonda kisichopona, una kisukari, ganzi ya nyayo? Mguu ambao damu inaufikia kwa taabu, ukiubana unauharibu. Mtu wa namna hiyo hupimwa kwanza shinikizo la damu la kifundoni na kulinganishwa na la mkononi, kisha daktari ndiye aamue. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, usiende kupimwa soksi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa damu iliyoganda. Mhudumu yule hakujua kama mimi ni mmoja wao. Alijua arobaini tu.

Nimerudi kuangalia karatasi ya ndani ya boksi. Kumbe "pima asubuhi" imeandikwa, nyuma, herufi za ukubwa wa chawa, chini ya maelekezo ya kufua. Basi na kampuni nayo nainyang'anya nyota. Neno linaloamua kama bidhaa itafanya kazi au la linafichwa chini ya sabuni? Nyota mbili.

Haya, tatu. Hiyo ya tatu ni ya utepe wa silikoni wa juu, ambao kwenye saizi sahihi umeshika hadi usiku bila kuchubua, ilimradi nisipake mafuta pajani kabla ya kuvaa. Nitajipima tena baada ya miezi michache, kwa sababu uzi huchoka na mwili hubadilika. Soksi ikianza kucheza kifundoni kabla ya hapo, narudi kuiondoa nyota hiyo.