Kitabu cha kwenye basi huchaguliwa kwa mkono mmoja

Nasafiri kwa basi kwa muda wa karibu saa moja na nusu kila asubuhi na muda kama huo jioni, na mara nyingi nasimama. Mkono mmoja uko kwenye bomba. Uliobaki ndio wa kusomea. Kabla sijanunua kifaa changu cha kwanza cha kusomea vitabu nilipitia maoni mengi ya wanunuzi: betri inakaa siku ngapi, kioo kina ukali gani, kinabeba vitabu vingapi. Hakuna aliyeuliza ukurasa utageuzwaje.

Nilinunua cha inchi 7.8, kisicho na kitufe hata kimoja cha kugeuzia kurasa. Ukikishika kwa nyuma, kidole gumba hakifiki kwenye kioo. Ukisogeza gumba mbele, linalala juu ya kioo lenyewe, basi likishtuka kidogo tu kurasa tatu zimepita. Mara mkoba wa jirani unagusa kioo, unajikuta sura nyingine kabisa. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nasoma aya zile zile kila siku. Nikakirudisha dukani. Muuzaji akasema vitufe ni mambo ya zamani, na boksi likishafunguliwa hapokei. Mtu anayeuza vifaa vya kusomea alipaswa kuniuliza nasomea wapi kabla ya kupokea hela yangu.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni kitabu cha kielektroniki, lakini kwenye kifaa chenye vitufe vya kugeuzia kurasa. Mimi ni mtu wa Kobo Libra na sifichi. Ukingo wake wa upande mmoja ni mpana, una vitufe viwili, na gumba linapumzika hapo hapo pa kubonyeza. Kioo ni inchi 7, na toleo la Libra Colour lina uzito wa gramu 200 hivi. Mkono ukichoka unakihamishia mwingine, unakipindua juu chini, na maandishi yanajigeuza yenyewe. Kindle Oasis nayo ilikuwa na vitufe, lakini Amazon waliacha kuiuza mwaka 2024, na Kindle yao nyingine, Paperwhite, haina. Chochote utakachochagua, kabla ya kulipa kishike kwa mkono mmoja, nyanyua mwingine kana kwamba umeshika bomba, kisha geuza kurasa kumi. Vidole vikilazimika kuhama ili gumba lifike, kiache.

Cha pili ni kitabu cha kusikiliza. Hapa mikono haina kazi, lakini tatizo linarudi kwa mlango mwingine. Injini inanguruma, mtu anaomba kupita, sentensi muhimu inakupotea, nawe unataka kurudi nyuma sekunde thelathini. Simu iko mfukoni, na umebanwa pande zote. Nunua hedifoni yenye kitufe cha kubonyeza hasa, kisha ujaribu na programu yako: mara nyingi kubonyeza mara moja kunasimamisha, na mara mbili kunaruka mbele. Tafuta kwenye mipangilio kama unaweza kuibadilisha hiyo ya mara mbili iwe ya kurudi nyuma.

Halafu kuna gharama. Msomaji wa sauti hutamka maneno kama 150 kwa dakika, yaani 9,000 kwa saa. Riwaya ya maneno 90,000 ni saa kumi. Kwa safari yangu ya saa tatu kwa siku, nilichonunua Jumatatu kimeisha Alhamisi.

Kitabu cha karatasi nakiweka cha tatu, ingawa nyumbani ndicho ninachokipenda. Vingi vimegundishwa kwa gundi tu mgongoni, hivyo vinataka kujifunga. Gumba linafanya kazi ya kuvizuia na halipati nafasi ya kugeuza. Kilichoshonwa kwa uzi hufunguka na kutulia. Chagua cha saizi ya mfukoni, kama sentimita 11 kwa 18, kisichozidi kurasa 300, na ukifungue katikati kwa mkono mmoja pale pale dukani.

Kwa asiyetaka kutumia hela, simu ya Android inatosha: programu kama Moon+ Reader inageuza kurasa kwa vitufe vya sauti.

Kinachoniuma ni bei. Faili la kitabu mara nyingi linauzwa karibu sawa na cha karatasi, ilhali huwezi kumpa rafiki wala kuliuza ukimaliza. Umenunua ruhusa ya kusoma tu. Tangu Februari 2025 Amazon wameondoa hata njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta ili kuvihamisha kwa waya. Kama hakuna karatasi, uchapaji wala usafirishaji, wachapishaji watueleze tunalipia nini.

Kile cha inchi 7.8 nimempa dada yangu. Anasoma kitandani, mikono yote miwili, na hajawahi kupoteza ukurasa.