Notisi ilisema riba 13.5%, lakini rejesho lililokatwa halikulingana nayo

Mkopo wangu ni wa riba inayobadilika, unaohesabiwa kwa salio linalopungua, na rejesho ni lile lile kila mwezi hadi riba iguswe. Benki ilinitumia notisi kwamba riba inapanda kutoka asilimia 12 hadi 13.5, kuanzia siku inayofuata tarehe ya rejesho. Notisi ilitaja riba ya zamani, riba mpya na tarehe ya kuanza. Rejesho jipya haikulitaja, wala salio na miezi iliyobaki, na hapo ndipo ninapoipunguzia alama huduma hii, kwa sababu bila vitu hivyo mteja hana cha kulinganisha.

Salio baada ya rejesho la mwisho lilikuwa 2,000,000 na miezi iliyobaki 48. Kwa riba ya zamani nilikuwa nalipa 52,668. Kupata rejesho jipya nilifungua Excel na kuandika hivi:

```
=PMT(13.5%/12,48,-2000000)
```

Jibu ni 54,153. Mwezi ulipofika, benki ikakata 55,933, yaani 1,780 zaidi. Kwanza nikahakikisha hakuna bima au ada iliyobebwa ndani ya makato hayo, maana vitu hivyo huingia bila kelele na kuvuruga hesabu. Hakukuwa na kitu.

Watu wengi wakifika hapa hupiga simu na kulalamika kuwa wameongezewa riba kuliko ilivyotangazwa. Mimi nilitaka kwanza kujua kosa limekaa wapi, na taarifa ya akaunti ya mkopo hulionyesha vizuri kuliko afisa yeyote, kwa kuwa inaligawa kila rejesho mara mbili: sehemu ya riba na sehemu inayopunguza deni lenyewe. Sehemu ya riba ya mwezi wa kwanza haitegemei muda uliobaki hata kidogo. Ni salio mara riba ya mwaka, gawanya kwa 12: 2,000,000 mara 13.5% ni 270,000, na kwa mwezi ni 22,500. Taarifa ilionyesha 22,500 kamili. Basi riba ilikuwa sahihi, na kusema benki imenitoza riba kubwa kungekuwa kuionea. (Kama benki yako huhesabu riba kwa siku, mwezi wa siku 31 utaonyesha kama 22,932. Tofauti hiyo ni ya kawaida.)

Ziada yote, kwa hiyo, ilikuwa kwenye sehemu ya deni: 33,433 badala ya 31,653. Deni likilipwa haraka kuliko ilivyokubaliwa na riba haijaguswa, kilichobadilika ni muda. Nikaiuliza Excel miezi ni mingapi kwa rejesho lile lililokatwa:

```
=NPER(13.5%/12,-55933,2000000)
```

Ikajibu 46. Namba nzima kama hiyo haiji kwa bahati. Nilipojaribu upande wa pili, kutafuta riba ambayo ingezaa rejesho hilo kwa miezi 48, nilipata takriban 15.27%, namba isiyo na maana katika mkataba wangu wala katika notisi.

Miezi miwili iliyopotea niliitambua mara moja. Huko nyuma benki ilikubali kwa maandishi kuahirisha marejesho mawili na kusogeza tarehe ya mwisho wa mkopo mbele kwa miezi miwili. Marejesho yaliyofuata hayakuonyesha tatizo kwa sababu rejesho halikuwa limepigiwa hesabu upya. Riba ilipobadilika, mfumo ukahesabu upya, ukachukua tarehe ya mwisho ya mkataba wa mwanzo.

Niliandika barua pepe fupi kwa kitengo cha mikopo nikiambatanisha notisi, ukurasa wa taarifa wenye 22,500 na 33,433, na barua ya kuahirisha. Sikuuliza kwa nini rejesho limepanda. Niliuliza: “Katika mfumo wenu, mkopo huu unaisha tarehe gani?” Swali hilo halijibiki kwa maneno ya jumla. Afisa aliyenijibu alikuwa muungwana, akakiri tarehe haikuwa imesasishwa, na akaniuliza kama nataka ile 1,780 irudishwe au ibaki imepunguza deni. Fedha yenyewe haikuwa imepotea, ilikuwa imeshaingia kwenye deni. Kilichoniumiza ni kukatwa kiasi ambacho sikukipangia. Nikaacha ibaki.

Kabla ya makato yaliyofuata nilipiga hesabu tena, salio 1,966,567 kwa miezi 47, nikapata 54,104. Ndicho kiasi walichokata. Kwa kusahihisha nawapa alama nzuri. Kwa notisi isiyo na salio, miezi wala rejesho jipya, siwapi, na nimewaandikia nikiomba mistari hiyo mitatu iongezwe.