Kilainisha nguo: kipi ununue, na kwa nini kisiguse taulo

Mdogo wangu ana nyumba ya wageni ya vyumba vitano upande wa Ujiji. Mwezi wa saba alinipigia simu akiwa amechoka. "Dada, wageni wanalalamika. Wanasema taulo linahamisha maji tu mwilini, halikaushi." Mataulo yenyewe aliyanunua mwaka huu, mazito, na ukiingia chumbani unayasikia yanavyonukia.

Nilipofika nikatandaza moja mezani likiwa kavu, nikachovya kidole kwenye maji nikadondosha tone. Likakaa pale duara, linang'aa, kama tone juu ya jani la gimbi. Nikahesabu hadi thelathini, bado lipo. Tukatafuta taulo kuukuu la jikoni lililokuwa likifuliwa kwa sabuni peke yake. Tone lilinyweka kabla sijaondoa kidole.

Tatizo lilikuwa dumu la lita tano la ile dawa ya kulainisha na kunukisha nguo. Mfuaji alikuwa anamimina kikombe kizima kwenye ndoo ya kusuuzia, kila ufuaji.

Kilainisha nguo si sabuni wala hakisafishi chochote. Ndani yake mna chembe za mafuta zilizotengenezwa ziwe na chaji chanya kichwani. Pamba ikilowa huwa na chaji hasi, basi chembe hizo huvutwa na kung'ang'ania uzi, mikia yao ya mafuta ikitazama nje. Ndiyo sababu uzi unateleza na mkono unahisi ulaini. Lakini mafuta hayapatani na maji. Shati halijali, maana kazi yake si kunywa maji. Taulo limefumwa kwa vitanzi vidogo vya uzi ili maji yapande humo, na ukivipaka mafuta umeziba mlango. Ufuaji mmoja hauleti shida kubwa. Ni tabaka juu ya tabaka, miezi mitatu minne, ndipo taulo linapokuwa pambo. Nepi za kitambaa, vitambaa vya kufutia vyombo na vya kudekia nyumba vyote huharibika hivyohivyo.

Mdogo wangu alikuwa na hoja yake, na ni ya kweli: bila dawa, mataulo yalikuwa yanakauka kama samaki mgebuka walioanikwa Kibirizi, unaweza kuyasimamisha ukutani. Kwa hiyo kabla ya kusema ununue nini, tuulize ukavu huo unatoka wapi.

Sehemu yake ni ya pamba popote duniani. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Kao na Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walionyesha kuwa maji kidogo sana yanayobaki juu ya nyuzi za pamba hata baada ya kukauka huziunganisha nyuzi kama gundi. Ukizifikicha, muungano huo huachia. Sehemu nyingine ni ya kwetu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana ualkali, pH yake inakaribia 9, na yana magnesi ya kutosha. Sabuni yetu ya mche inayotokana na mawese ikikutana na magnesi hutoa ule utando wa kijivu unaouona ukingoni mwa beseni. Utando huo hauishii kwenye beseni; huganda ndani ya vitanzi vya taulo na kukauka nao. Watu wengi Kigoma wananunua kilainisha ili kutibu kitu kilicholetwa na mche wa sabuni.

Basi nafasi ya kwanza kwenye orodha yangu, kwa mataulo, ni kutonunua chochote. Fua kwa sabuni ya unga, kwa kuwa dawa zake za kusafishia haziundi utando huo kirahisi. Vijiko viwili au vitatu vya chakula vinatosha ndoo ya lita ishirini. Povu jingi ni kazi ya kusuuza tu. Suuza mara mbili, mpaka maji yasiteleze vidoleni. Kisha likung'ute taulo kwa nguvu mara kumi kabla ya kulianika, na mara kumi tena ukilianua. Anika penye upepo, na usiliache juani mchana kutwa. Kukung'uta kunaonekana mzaha, lakini ndiko kunakoachanisha nyuzi nilizozitaja.

Ya pili ni siki nyeupe ya kawaida ya dukani. Nusu kikombe kwenye ndoo ya lita kumi, katika maji ya mwisho ya kusuuza. Inapunguza ualkali wa sabuni iliyobaki na kuyeyusha chokaa kidogo, na harufu yake huisha taulo likikauka. Haileti ulaini kama wa dawa, usidanganywe. Tena itumie baada ya sabuni kutoka. Siki ikiikuta sabuni ya mche bado ipo kwenye kitambaa, huigeuza kuwa mafuta, na umerudi kulekule. Na isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Hewa inayotoka hapo inaumiza mapafu.

Ya tatu ni kilainisha cha chupa, chenye lebo na kipimo kilichoandikwa. Hiki nunua kwa ajili ya sweta, mablanketi, mapazia na nguo za nailoni zinazong'ang'ania mwilini. Usilinganishe ukubwa wa chupa. Soma kipimo, gawa bei kwa idadi ya ndoo utakazopata. Chupa ndogo ya kilichokolea mara nyingi inashinda kubwa ya chepesi. Kiweke kwenye maji ya mwisho tu. Kikikutana na sabuni ya unga, chaji chanya na hasi zinashikana, na nguo inabaki na madoa kama ya mafuta.

Ya mwisho ni cha kupima, kile cha madumu yasiyo na lebo. Sisemi vyote ni vibaya, ila hujui unalipia nini. Mwombe muuzaji kidogo, tikisa na maji kwenye chupa. Kilainisha cha kweli hufanya maji yawe kama maziwa, huteleza vidoleni na hakitoi povu jingi. Kikitoa povu tele, umeuziwa sabuni yenye rangi na manukato. Cha ajabu, hiyo isingeharibu taulo sana.

Karatasi za kulainishia za kwenye mashine ya kukaushia ziache dukani. Huku tunaanika kambani.

Mataulo ya Ujiji yalipona, ila si siku moja. Tuliyaloweka saa moja kwenye maji ya moto kiasi cha mkono kushindwa, yenye sabuni ya unga, tukayageuza kwa mti. Maji yaligeuka kama uji mwepesi. Tukasuuza mara mbili, tukaanika, tukadondosha tone: sekunde kumi hivi. Tukarudia kesho yake, mara hii tukimalizia kwa siki. Tone likanyweka nikiwa bado nahesabu mbili. Mawili ya rangi ya kahawia yalihitaji mara ya tatu. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakifuliwa kila siku.

Kwa taulo jipya kutoka Soko la Mwanga fanya jaribio hilohilo kabla hujalilaumu. Mengi hutoka kiwandani yakiwa yamepakwa kilainisha ili yavutie mkono dukani, na hayafuti vizuri mpaka yafuliwe mara mbili tatu.

Dumu lake halijatupwa. Limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MAPAZIA NA BLANKETI TU.